Kukagua taa za dagaa kabla hazijaondoka China: mkaguzi aingie wapi, apime ngapi, na zikikutwa mbovu iweje

*"Nina duka la zana za uvuvi hapa Mwanza, karibu na Mwaloni Kirumba. Nataka kuagiza taa za sola za kuvulia dagaa 2,400 kutoka China kwa dola 14 kila moja. Malipo ni asilimia 30 mwanzo na asilimia 70 kabla mzigo haujasafiri. Bado sijalipa chochote. Nimemwambia muuzaji nitatuma mkaguzi wangu, naye amekubali, lakini anataka mkaguzi aje kwenye ghala lake Guangzhou na si kiwandani, akague asilimia 10 ya taa, na zikikutwa mbovu atanifidia kwenye oda ijayo. Tena anasema cheti cha TBS peke yake kingetosha. Nikubali?"*

Ndugu msomaji, usikubali masharti hayo kama yalivyo, ila usimhesabu muuzaji huyo kuwa tapeli kwa sababu ya kuyatoa. Ni masharti ambayo wauzaji wengi hutanguliza, na wengi wao huyalegeza mteja anapojua anachokitaka. Jambo la heri ni kwamba bado hujalipa. Asilimia 30 ikishatoka nguvu yako ya kujadiliana inapungua sana, na asilimia 70 ikishatoka inakuwa imekwisha. Kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa yaandikwe kwenye mkataba na kwenye ankara ya proforma kabla hujakwenda benki.

Nianze na cheti cha TBS, maana hapo ndipo wengi hupotea. Utaratibu wa PVoC, ambao Shirika la Viwango Tanzania liliuanza mwaka 2012, unahakiki huko bidhaa zinakotoka kwamba zinakidhi viwango vinavyotakiwa nchini. Kama bidhaa yako imo kwenye utaratibu huo, cheti ni lazima, na kukikosa kutakuletea usumbufu bandarini. Lakini cheti hicho hakisomi mkataba wako. Kama ulikubaliana na muuzaji kwamba taa iwake saa 8 kwa mwanga kamili, na iliyotengenezwa inawaka saa 5, taa hiyo inaweza kukidhi kiwango cha usalama, ikapata cheti, na bado ikawa si uliyoinunua. Ukaguzi ninaouzungumzia ni wako binafsi: unafanywa na kampuni uliyoichagua wewe, unayoilipa wewe, kwa kufuata orodha ya vipimo uliyoiandika wewe.

Sasa suala la mahali. Ghala la muuzaji lina tatizo moja kubwa, nalo ni kwamba taa zikikutwa na kasoro pale hakuna wa kuzitengeneza. Kiwandani kuna mafundi, kuna vipuri, kuna meza za kuunganishia na kuna vifaa vya kupimia. Ghalani kuna katoni na karatasi za kusafirishia. Muuzaji ambaye tayari amelipa lori la kutoa mzigo kiwandani, na ambaye kiwanda kimeshamaliza naye hesabu, hana hamu wala uwezo wa kuurudisha. Atakachokifanya ni kukusihi uupokee hivyo hivyo.

Sababu ya kukukataza kiwandani mara nyingi ni rahisi: huyo si mwenye kiwanda, ni mfanyabiashara wa kati, na anahofia kwamba ukishajua taa zinatengenezwa wapi, labda kwa mfano katika mji wa Guzhen ulio Zhongshan ambako viwanda vya taa vimejaa, oda ya pili utaipeleka moja kwa moja. Hofu hiyo ina msingi na yafaa uiheshimu. Mpe ahadi ya maandishi kwamba kwa muda fulani, tuseme miaka miwili, hutanunua kwa kiwanda hicho bila kupitia kwake, na mruhusu awepo mwenyewe siku ya ukaguzi. Akiendelea kukataa hata baada ya hapo, ningetafuta muuzaji mwingine, kwa sababu wakati huo kinachofichwa huenda si anwani tu.

Neno "mkaguzi ataruhusiwa kuingia" halitoshi kwenye mkataba. Andika anwani kamili ya kiwanda. Andika kwamba muuzaji atatoa taarifa siku tano za kazi kabla mzigo haujawa tayari, na kwamba siku ya ukaguzi taa zote ziwe zimekamilika na angalau asilimia 80 ziwe zimekwisha kufungwa kwenye katoni. Kipengele hiki cha asilimia 80 ndicho kinachomwezesha mkaguzi kuona mzigo wenyewe badala ya taa chache zilizong'arishwa kwa ajili yake. Andika pia kwamba atapewa meza, umeme, tangi la maji na mtu wa kumsaidia kushusha katoni, kwamba ataruhusiwa kupiga picha, na kwamba akifika akakuta mzigo haujawa tayari au akazuiwa getini, gharama ya siku hiyo ni ya muuzaji. Gharama yenyewe huko China kwa kawaida huwa kati ya dola 200 na 350 kwa mkaguzi mmoja kwa siku. Ilipe mwenyewe moja kwa moja kwa kampuni ya ukaguzi, hata muuzaji akijitolea kukulipia, kwa sababu mkaguzi humhudumia anayemlipa.

Na lililo muhimu kuliko yote katika suala la kuingia: katoni azichague mkaguzi kwa mkono wake. Ikiwa taa zako zimefungwa 20 kwa katoni, una katoni 120. Desturi ya wakaguzi ni kufungua katoni zisizopungua kipeuo cha pili cha idadi hiyo, yaani 11, na sampuli zote zitoke humo. Zitoke juu, chini na nyuma kabisa karibu na ukuta, na kila katoni iliyofunguliwa ipigwe picha ikionyesha namba yake ubavuni. Ukiona kwenye ripoti kwamba namba zote zinafuatana, 1 mpaka 11, ujue mkaguzi alikuta katoni zimeshatengwa mlangoni, na una haki ya kuikataa ripoti hiyo.

Tukija kwenye idadi ya taa za kukaguliwa, asilimia 10 inasikika kuwa ya haki, lakini ni kipimo kisichofaa. Uwezo wa sampuli kugundua ubovu unategemea hasa idadi ya taa zilizokaguliwa, na kwa sehemu ndogo sana unategemea ni sehemu gani ya mzigo. Asilimia 10 ya mzigo wa taa 200 ni taa 20, ambazo ni chache mno; asilimia 10 ya taa zako 2,400 ni taa 240, nyingi kuliko unazohitaji. Zaidi ya hapo, asilimia 10 haisemi ni mbovu ngapi zikionekana mzigo ukataliwe, na hilo ndilo mtakalogombania baadaye.

Kipimo kinachotumika duniani ni kiwango cha ISO 2859-1, ambacho kila kampuni ya ukaguzi inakifahamu. Unachagua daraja la ukaguzi na kikomo cha kasoro, kinachoandikwa AQL, kisha jedwali linakupa namba mbili: taa za kuchukua, na mbovu zinazovumilika. Kwa mzigo wa vipande kati ya 1,201 na 3,200, daraja la kawaida, yaani la II, linatoa sampuli ya taa 125. Kwa kasoro kubwa, AQL ya 2.5 inamaanisha mbovu zikiwa 7 au pungufu mzigo unapita, zikiwa 8 au zaidi unakataliwa. Kwa kasoro ndogo, kama mkwaruzo kwenye kava, AQL ya 4.0 inakubali 10 na kukataa 11. Kwa kasoro ya hatari, kama betri iliyovimba au waya ulio wazi, hata moja haivumiliki.

Wengi hudhani AQL ya 2.5 ni ahadi kwamba mzigo hautakuwa na mbovu zaidi ya asilimia 2.5. Sivyo. Mzigo wako ukiwa na mbovu asilimia 6, ambazo ni taa 144, nafasi yake ya kupita kwa sampuli hiyo ya 125 ni karibu nusu kwa nusu. Ukiwa na mbovu asilimia 10, utapita chini ya mara 10 katika kila mara 100. Muuzaji akikuomba mshuke daraja la I ili kazi iishe upesi, sampuli inakuwa taa 50 na kikomo ni 3, na mzigo wenye ubovu wa asilimia 10 utapenya takribani mara moja katika kila nne. Kwa muuzaji ambaye hujawahi kufanya naye biashara, nakushauri ubaki daraja la II na ukubali waziwazi kwamba ulinzi huo una mipaka.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa ulielewe vizuri, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kupanga vipimo vyako mwenyewe. Kasoro ni za namna mbili. Kuna zinazotawanyika, zinazotokana na mkono wa fundi mmoja kwa siku moja, kama swichi iliyolegea au mpira wa kuzuia maji uliokaa upande. Hizo hazionekani ila kwa sampuli kubwa. Na kuna zinazoenea mzigo mzima kwa sababu zilitokana na uamuzi wa ununuzi: kiwanda kikinunua betri za uwezo mdogo, basi karibu kila taa ina betri hiyo. Kuigundua hiyo hakuhitaji taa 125. Taa chache zilizopimwa kwa makini zinatosha.

Kwa hiyo mwonekano, swichi, chaji na kuwaka vikaguliwe kwenye taa zote 125. Betri ipimwe kwenye taa 8, ambayo ndiyo sampuli ya daraja maalumu S-2, na isikubalike hata moja inayoshindwa. Maji yapimwe kwenye taa 32, ambayo ni S-4, kwa kikomo cha 2, kwa sababu kuvuja ni kasoro ya kutawanyika na ndiyo inayoua taa nyingi za dagaa ziwani. Kama taa inauzwa kwa alama ya IP67, maana yake inapaswa kuzamishwa mita moja kwa dakika 30 bila maji kuingia ndani kwa namna ya kuiharibu. Mwambie mkaguzi afanye hivyo hivyo, kisha aifungue na kutazama, si kuwasha tu. Taa yenye matone ndani ya kava huwaka vizuri siku hiyo na kufa baada ya wiki chache.

Kipimo cha betri ndicho kinachoharibiwa mara nyingi kuliko vyote, na nitaeleza namna gani. Tuseme umeagiza betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, volti 3.2 na 12 Ah. Hiyo ni nishati ya wati-saa 38.4, kwa hiyo taa inayokula wati 4 ina uwezo wa kumaliza saa 8 za mwanga kamili na kubaki na akiba kidogo. Ili kuthibitisha, betri lazima ijazwe chaji kwanza, ndipo imwagwe kwenye kifaa cha kupimia. Kwa mkondo wa ampea 6, betri nzima ya 12 Ah itachukua takribani saa mbili. Kuchaji ndiko kunakokula muda, na siku ya mkaguzi haitoshi. Kiwanda kitasema kwa upole, "Tumeshakuchajia taa nane tangu jana." Hapo sampuli imeshachaguliwa na kiwanda, na kipimo hakina maana tena.

Njia ya kulikwepa hilo ni kulipia siku mbili. Siku ya kwanza asubuhi mkaguzi achague taa nane, abandike juu ya skrubu za kila moja utepe wenye sahihi yake, aache tundu la chaji wazi, kisha zichajiwe usiku kucha. Siku ya pili athibitishe kwamba utepe haujaguswa, ndipo azifungue na kupima. Weka kikomo cha 11.4 Ah, yaani asilimia 95 ya kilichoandikwa. Aache pia taa nyingine mbili zikiwaka mbele ya kipima mwanga, asome mwanzoni na baada ya saa 6, kwa sababu kuna taa zinazopunguza mwanga zenyewe kimyakimya ili zionekane zimewaka usiku mzima. Mvuvi wa Ukerewe aliyezoea karabai ataligundua hilo usiku wa kwanza wa giza, na atakurudishia taa wewe, si kiwanda.

Sasa tuseme ripoti imekuja. Katika taa 125 kuna kasoro kubwa 6, chini ya kikomo. Betri zote 8 zimefaulu. Lakini kati ya taa 32 zilizozamishwa, 5 zimeingiza maji. Mzigo umekataliwa, ingawa vipimo viwili vimepita, kwa sababu mkataba unadai vipite vyote. Muuzaji atakuandikia jioni hiyo hiyo kwamba taa tano ni kitu kidogo, atazibadilisha na mzigo utaondoka kesho. Usikubali. Hizo tano ni dalili ya zilizobaki kwenye katoni. Tano katika 32 ni zaidi ya asilimia 15, na kwa taa 2,400 inakadiria mbovu 375. Na kwa kuwa sampuli ni ndogo, idadi halisi huenda ni mia moja na kitu, huenda inazidi mia saba.

Atakapoona umekataa, atatoa punguzo, labda dola 1 kwa kila taa, yaani dola 2,400. Lipime kwa hesabu kabla hujalifurahia. Taa 375 kwa bei ya kiwandani ni dola 5,250, na hapo hujahesabu usafiri, ushuru, wala mteja wa Sengerema ambaye hatarudi dukani kwako. Punguzo linafaa kwa kasoro ndogo, ile ambayo mvuvi ataiona na bado ainunue taa kwa bei ya chini kidogo. Kwa kasoro inayoua taa, punguzo ni hasara iliyocheleweshwa.

Kinachofaa hapa ni matengenezo. Dai kwanza maelezo ya chanzo, kwa mfano kwamba mpira wa kuzuia maji ulikatwa mfupi au skrubu hazikukazwa sawa, kwa sababu kiwanda kisichojua chanzo kitafungua taa na kuzifunga tena vilevile. Kisha taa zote 2,400 zipitiwe, na ukaguzi urudiwe kwa sampuli mpya inayotolewa katika mzigo wote, si kwa taa zile zile zilizokaguliwa mwanzo. Kwa marudio unaweza kudai ukaguzi uliokazwa, ambao kwa taa 125 na AQL ya 2.5 unakubali 5 na kukataa 6. Gharama ya marudio iwe ya muuzaji: inakatwa kwenye salio lake, na wewe unailipa kampuni ya ukaguzi. Ukishindikana mara ya pili, uwe na haki ya kuvunja oda na kurudishiwa malipo ya awali. Niseme ukweli, kurudishiwa fedha ni rahisi kwenye karatasi kuliko benki, na ndiyo maana malipo ya awali yasizidi hiyo asilimia 30, ambayo kwako ni dola 10,080.

Ahadi ya kufidia kwenye oda ijayo iondoe kabisa. Inakulazimisha ununue tena kwa mtu aliyekuuzia vibaya, na haina tarehe. Wala usitegemee kurudisha mzigo China kutoka Mwanza: betri za lithiamu husafirishwa kama mzigo wa hatari, na gharama na makaratasi ya kuzirudisha yatakula thamani ya taa zenyewe.

Kifungu kinachobeba yote haya kinaweza kuwa kifupi hivi, ukakitafsiri kwa lugha ya mkataba: "Salio la asilimia 70 litalipwa baada ya mnunuzi kuthibitisha kwa maandishi kwamba amepokea na kukubali ripoti ya mkaguzi aliyemteua, inayoonyesha kuwa vipimo vyote vya kiambatisho cha kwanza vimefaulu. Mzigo hautatoka kiwandani kabla ya uthibitisho huo." Angalia kwamba anayekubali ni wewe. Mkaguzi huripoti alichokiona. Hana mamlaka ya kuuruhusu mzigo, na wauzaji wengine humshinikiza aseme pale pale kwamba umepita. Kiambatisho kiwe na orodha ya kasoro kubwa, ndogo na za hatari, pamoja na sampuli mbili ulizozikubali na kuzitia sahihi: moja ubaki nayo dukani, nyingine iwe mikononi mwa mkaguzi.

Mzigo ukipita, katoni zifungwe kwa utepe wa mkaguzi na namba zake ziandikwe kwenye ripoti. Kwa kuwa katoni 120 huenda zisijaze kontena na zitapitia kwa msafirishaji anayechanganya mizigo, mwombe wakala wako huko alinganishe tepe na namba hizo anapozipokea, kisha akutumie picha. Ndipo ulipe salio.

Ukaguzi huu hautakuambia betri itakuwaje baada ya kuchajiwa mara mia tatu. Kwa hilo dai dhamana ya maandishi, na vipuri vije pamoja na mzigo: betri, swichi na mipira ya kuzuia maji, vya kiasi mtakachokubaliana.

Kuna mambo matatu ambayo nakusihi usiyamalize kwa kusoma. Kabla ya kuandika vipimo, kaa na fundi wa umeme anayetengeneza taa za dagaa hapo Kirumba, umwombe afungue taa mbili au tatu zilizokufa na akuonyeshe zilivyokufa. Orodha yako ya kasoro kubwa itoke hapo. Kabla ya kulipa chochote, nenda ofisi ya TBS ya Kanda ya Ziwa ukiwa na maelezo ya taa, ili ujue ni kiwango gani kinahusika na cheti kiombwe lini. Na mkataba wenyewe usomwe na wakili, hasa kifungu cha kuvunja oda na cha mahali pa kusuluhisha mgogoro. Ukiwa kwake, muulize kama katika oda ya dola 33,600 ingefaa benki yako ifungue LC, yaani ahadi ya benki ya kumlipa muuzaji akiwasilisha hati mlizokubaliana, badala ya kutuma fedha moja kwa moja. Katika LC unaweza kuitaja ripoti ya ukaguzi kuwa miongoni mwa hati ambazo muuzaji lazima aziwasilishe ndipo alipwe. Benki itatazama hati tu, haitatazama taa, kwa hiyo jina la kampuni ya ukaguzi na neno litakaloonyesha kwamba mzigo umefaulu yaandikwe humo bila utata.